Dohani Iangukapo

Katika mji wa Bolton, nchi ya Uingereza, palikuwa zamani na viwanda vingi vya kusokota pamba. Mashine zake ziliendeshwa kwa mvuke, na kila kiwanda kilikuwa na tanuru ya kuchemshia maji, na kando ya tanuru palisimamishwa dohani ndefu ya matofali, ipate kuvuta moto vizuri na kupeleka moshi juu mbali na nyumba za watu. Viwanda vilipofungwa, kimoja baada ya kimoja, dohani zilibaki zimesimama bila kazi. Matofali yake yalianza kulegea, nazo zikawa hatari kwa wapitao chini. Ikapasa ziangushwe.

Mtu aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Fred Dibnah, mwenyeji wa Bolton, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufa mwaka 2004. Yeye alitumia njia ya kale. Alitoboa chini ya dohani upande ule aliotaka iangukie, akiondoa matofali kidogo kidogo, na kila alipoondoa matofali alitia magogo mafupi badala yake, yachukue uzito. Alipokwisha kukata sehemu kubwa ya mzingo, dohani ilikuwa imesimama nusu juu ya matofali na nusu juu ya miti. Ndipo akapanga kuni kati ya magogo na kuwasha moto. Magogo yalipoungua na kushindwa na mzigo, dohani iliinama upande ule ule uliokatwa, ikaanguka.

Watu wengi waliozoea kutazama dohani zikianguka wameona jambo moja la ajabu. Mwanzo dohani huinama polepole, imenyoka kama fimbo. Halafu, ingali hewani na ncha haijafika chini, hupinda. Sehemu ya juu hubaki nyuma kidogo, kisha hukatika vipande viwili au zaidi. Hakuna kitu kilichoigonga, wala haijagusa ardhi. Ni nini basi kilichoivunja?

Jibu lake laweza kusemwa kwa maneno machache: dohani ikianguka hali imenyoka, ncha yake hufika mahali ambapo yapaswa kuzidi kuongeza mwendo kuliko jiwe linaloanguka lenyewe, na matofali hayana nguvu ya kuisukuma ncha hata ifanye hivyo. Lakini maneno machache hayatoshi. Tutazame jambo hili hatua kwa hatua.

1. Jiwe linaloanguka

Ukiachilia jiwe kutoka juu, haliendi kwa mwendo mmoja. Baada ya sekunde 1 huwa na mwendo wa meta 9.8 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2, meta 19.6, baada ya sekunde 3, meta 29.4. Yaani kila sekunde huongezewa mwendo wa meta 9.8 kwa sekunde. Tuite kiasi hicho "nyongeza ya mwendo." Jiwe kubwa na jiwe dogo huwa na nyongeza ile ile, maana jiwe kubwa lina uzito mwingi wa kulivuta chini, lakini pia ni zito kusukumwa kwa kadiri hiyo hiyo. Hewa huvipunguzia mwendo vitu vyepesi kama unyoya au jani, lakini kwa jiwe au tofali, katika kimo kama hiki cha dohani, twaweza kuiacha hewa katika hesabu yetu.

Basi jiwe likivutwa na uzito wake tu, nyongeza yake ni 9.8, wala haizidi. Ili izidi, lazima kitu kingine kilisukume jiwe kwenda chini pamoja na uzito wake. Kumbukeni neno hili, maana ndilo ufunguo wa somo lote: kitu kikianguka upesi kuliko jiwe lililoachiliwa, kuna kinachokisukuma.

2. Kitu kilichoshikwa upande mmoja

Dohani haianguki kama jiwe. Chini yake imeshikwa na msingi, nayo huzunguka juu ya msingi huo kama mlango unavyozunguka juu ya bawaba zake. Fikirini safu ya wanafunzi kumi katika gwaride, wanaposhikana mikono na kugeuka kwa kumzunguka mwenzao aliye mwisho wa safu. Yule wa kwanza husimama pale pale na kugeuka tu. Wa pili hupiga hatua ndogo. Wa mwisho hana budi kukimbia, la sivyo safu haitanyoka. Mwendo wa kila mmoja hutegemea umbali wake kutoka kwa yule anayezungukwa: aliye mbali mara mbili yampasa aende mara mbili.

Ndivyo ilivyo katika dohani. Tofali lililo meta 20 kutoka msingi lazima liende mara mbili ya tofali lililo meta 10, na nyongeza yake pia lazima iwe mara mbili. Lakini uzito haujui jambo hilo. Uzito huvuta kila tofali kwa namna moja, na kama matofali yangekuwa huru, yote yangekuwa na nyongeza ya 9.8. Hapa pana mapatano ya kufanywa. Matofali ya chini yataka 9.8 lakini hayaruhusiwi. Ya juu yana 9.8 lakini yapaswa kupata zaidi. Basi ya chini huisukuma dohani kwa ile sehemu ya uzito wake isiyotumika, na ya juu husukumwa.

3. Mawe mawili juu ya fimbo

Tuhakikishe kwa hesabu. Chukueni fimbo nyepesi sana, yenye urefu wa meta 2, ambayo uzito wake hauhesabiwi. Mwisho wake mmoja umefungwa kwa bawaba. Funga jiwe la kilo 1 katikati, yaani meta 1 kutoka bawaba, na jiwe jingine la kilo 1 kwenye ncha, yaani meta 2 kutoka bawaba. Shika fimbo ilale sawa na ardhi, kisha iachilie. Je, kila jiwe litaanza na nyongeza gani?

Tugawe uzito wa kila jiwe katika sehemu 10. Jiwe likitumia sehemu zake zote 10 kujiendesha lenyewe, huanguka na nyongeza ya kawaida ya 9.8. Likitumia 5 tu, nyongeza ni nusu yake. Likisukumwa kwa sehemu 12, nyongeza ni kubwa kuliko ya kawaida.

Sasa tukisie. Tuseme jiwe la ndani latumia sehemu 5 kujiendesha. Zabaki sehemu 5 zinazoisukuma fimbo. Lakini mwajua kanuni ya wenzo: nguvu iliyo karibu na egemeo hufanya kazi ndogo kuliko nguvu iliyo mbali. Sehemu 5 kwenye meta 1 zafaa sawa na sehemu 2 na nusu kwenye meta 2. Basi jiwe la nje lina sehemu zake 10, pamoja na 2 na nusu alizoletewa na fimbo, jumla 12 na nusu. Lakini tulisema lazima jiwe la nje liende mara mbili ya la ndani, na mara mbili ya 5 ni 10. Hesabu haikulingana.

Tujaribu 7. Zabaki 3, ambazo kwenye ncha ni 1 na nusu. Jiwe la nje lapata 11 na nusu. Lakini mara mbili ya 7 ni 14. Haikulingana tena.

Tujaribu 6. Zabaki 4, ambazo kwenye ncha ni 2. Jiwe la nje lapata 12. Na mara mbili ya 6 ni 12. Imelingana! Wala hakuna tarakimu nyingine itakayolingana. Mwaweza kujaribu wenyewe.

Basi jiwe la ndani huanza na nyongeza ya sehemu 6 katika 10 za kawaida, ndiyo 5.9 hivi, na jiwe la nje huanza na sehemu 12 katika 10, ndiyo 11.8 hivi. Jiwe la nje laanguka upesi kuliko jiwe huru, na sababu yake tumeiona kwa macho: jiwe la ndani, kwa kuwa limezuiwa, limempa mwenzake sehemu 2. Mkiliondoa lile la ndani, jiwe la nje litaanguka kwa 9.8 tu kama jiwe lolote. Jiwe la nje halina nguvu yake yenyewe ya ziada. Hiyo yote yatoka kwa jiwe lililo karibu na bawaba.

4. Mawe mengi, na mwisho wake dohani

Dohani ni kama fimbo yenye mawe mengi, yamepangwa kutoka chini hata juu. Tukiongeza mawe kwa nafasi zilizo sawa na kuendelea na hesabu ile ile, twapata hivi. Kwa mawe 2, nyongeza ya ncha ni mara 1.2 ya kawaida. Kwa mawe 3, ni mara 1.29 hivi. Kwa mawe 4, ni mara 1.33. Kwa mawe 10, ni mara 1.43. Kwa mawe 100, ni mara 1.49. Mwaona kwamba hesabu yazidi kupanda, lakini kwa hatua zinazopungua, nayo yakaribia 1.5 bila kuipita. Kwa fimbo au dohani ambayo unene wake ni mmoja toka chini hata juu, jibu ni 1.5 kamili. Inapolala sawa na ardhi, ncha yake ina nyongeza ya mara moja na nusu ya jiwe huru, ndiyo 14.7.

Je, tumepata kitu bure? La. Tazameni katikati ya dohani. Nyongeza ya hapo ni nusu ya ile ya ncha, yaani mara 0.75 ya kawaida, ambayo ni pungufu ya jiwe huru. Ukitazama dohani nzima kwa pamoja, yaanguka polepole kuliko jiwe, kwa sababu msingi wachukua sehemu ya uzito wake. Kilichozidi kwenye ncha kimepungua chini. Na mahali pamoja, theluthi mbili za urefu kutoka msingi, nyongeza ni 9.8 sawasawa. Chini ya mahali hapo matofali husukuma. Juu ya hapo matofali husukumwa.

Dohani nyingi za kweli ni nene chini na nyembamba juu. Hizo uzito wake mwingi uko karibu na msingi, kwa hiyo wasukumaji ni wengi na wasukumwao ni wachache, na ncha huzidi hata ile mara moja na nusu. Kinyume chake, kitu chenye kichwa kizito, kama nyundo ya mpini mrefu iliyosimamishwa kwa mpini, ncha yake haizidi sana jiwe huru, maana karibu uzito wote uko pale pale kwenye ncha.

5. Hesabu ya dohani ya meta 30

Mpaka hapa tumesema habari ya kitu kilicholala sawa na ardhi. Lakini dohani huanza ikiwa wima, na ikiwa wima kabisa uzito wake wote washuka katika msingi, hausukumi upande wowote. Kadiri inavyozidi kuinama, ndivyo uzito unavyozidi kuivuta.

Kuna kipimo chepesi cha jambo hili. Fikirini timazi inayoning'inia kutoka ncha ya dohani hata ardhini. Pimeni umbali kutoka msingi hata pale timazi inapogusa ardhi. Umbali huo tuuite "kunyosha" kwa dohani, maana ni umbali ambao ncha imenyosha kutoka juu ya msingi wake. Gawanyeni kunyosha kwa urefu wa dohani, kisha zidisheni kwa 14.7. Jibu ni nyongeza ya ncha katika njia yake ya mviringo.

Tuchukue dohani ya meta 30, yenye unene mmoja. Ncha ikiwa imenyosha meta 3, nyongeza yake ni 1.47 tu. Ndiyo sababu watazamaji huona dohani ikianza taratibu sana, kana kwamba yasitasita. Ikinyosha meta 10, nyongeza ni 4.9, nusu ya ile ya jiwe. Ikinyosha meta 20, nyongeza ni 9.8, sawa na jiwe huru. Na wakati huo ncha ingali juu kiasi cha meta 22 kutoka ardhini. Toka hapo hata chini, ncha yazidi jiwe. Ikikaribia kulala, kunyosha ni meta 30, na nyongeza ni 14.7.

Hapa lazima tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa na nyongeza kubwa si sawa na kufika kwanza. Kama ungeachilia jiwe kutoka kimo cha meta 30 wakati ule ule dohani inapoanza kuinama, jiwe lingefika chini kwa sekunde 2 na nusu hivi, na dohani ingali karibu wima, maana ilipoteza muda mwingi mwanzo. Lakini mwendo wa mwisho ni habari nyingine. Jiwe lile hugonga ardhi kwa mwendo wa meta 24 kwa sekunde. Ncha ya dohani, kama ingebaki imenyoka hata mwisho, ingegonga kwa mwendo wa karibu meta 30 kwa sekunde. Ilichelewa kuondoka, lakini ilifika kwa kishindo kikubwa zaidi.

6. Kwa nini hukatika

Sasa twaweza kurudi kwenye swali letu la kwanza. Fikirini ubao uliolazwa juu ya mtaro, ncha zake mbili zikiwa juu ya kingo. Mtu mzito akisimama juu yake, ubao hubonyea, na ukivunjika, ufa huanza upande wa chini, ambako ubao wavutwa na kutanuliwa. Upande wa juu hubanwa.

Dohani inayoanguka ni kama ubao huo. Mwisho wake wa chini umezuiwa na msingi. Mwisho wake wa juu hauna ukingo wa kuuzuia, lakini umezuiwa na uzito wake wenyewe, kwa kuwa hautaki kwenda upesi kuliko jiwe huru na yapasa ulazimishwe. Kati ya mambo hayo mawili, sehemu ya chini yasukuma kuelekea ardhini. Kwa hiyo dohani hubonyea kuelekea upande inakoangukia. Upande ule wa mbele, unaotazama ardhi, hutanuliwa. Upande wa nyuma hubanwa.

Matofali na chokaa vyaweza kubanwa sana bila kudhurika. Ndiyo sababu dohani husimama miaka mingi ikijichukua yenyewe. Lakini kutanuliwa hayawezi. Chokaa huachana na tofali upesi, ufa hufunguka upande wa mbele, na sehemu ya juu hubaki nyuma.

Na ufa huo hutokea wapi? Hesabu ya wenzo yaonyesha kwamba, katika dohani yenye unene mmoja, kupinda huwa kukubwa kabisa kwenye theluthi moja ya urefu kutoka msingi. Kwa dohani yetu ya meta 30, ndiyo meta 10 kutoka chini. Katika dohani za kweli ufa mara nyingi huwa juu zaidi kidogo, kati ya theluthi na nusu, kwa sababu uzito wa matofali yaliyo juu hulibana lile ungo la chini na kulisaidia lisifunguke. Tena unene si mmoja, na chokaa haina nguvu moja kila mahali. Kwa hiyo hakuna awezaye kutaja safu ya matofali itakayoachana, bali aweza kusema ni sehemu gani ya kutazama.

Dohani ikiisha kukatika, sehemu ya juu haisukumwi tena. Tangu hapo yaanguka kama kitu huru, huku ikiendelea na mwendo iliokuwa nao. Kwa hiyo ile mara moja na nusu ni ya dohani inayobaki imenyoka tu. Ukitaka kujua kama ncha yasukumwa au imeachwa, tazama umbo: ikiwa imenyoka, yasukumwa; ikiwa imepinda na kichwa kimebaki nyuma, msukumo umekwisha au wakaribia kwisha.

Mti hautendi hivyo. Mnazi ukikatwa shinani huanguka mzima hata chini, kwa sababu nyuzi za shina lake zaweza kuvumilia kutanuliwa. Tena makuti na nazi ni mzigo ulioko kwenye ncha, na tumeona kwamba kichwa kizito hakihitaji kusukumwa sana.

7. Jaribio la kufanya shuleni

Tafuteni ubao ulionyoka, urefu wake meta 1, wenye unene mmoja. Pigilieni kipande cha ngozi kwenye mwisho wake mmoja na kwenye meza ndefu au ubao mwingine uliolala, kiwe bawaba. Inueni mwisho wa pili hata ncha iwe nusu meta juu, muuegemeze kwa kijiti. Karibu kabisa na ncha, wekeni kipete kidogo cha udongo, na juu yake gololi au kijiwe cha mviringo, kisiviringike. Halafu, sentimeta 13 kutoka ncha kuelekea bawaba, gandisheni kwa udongo kikombe chepesi, kifupi, kisichozidi sentimeta 5.

Vuteni kijiti ghafula kwa uzi. Ubao utaanguka, na gololi itaonekana imeingia katika kikombe. Sababu ni hii: ubao hufika chini kwa sekunde 0.28 hivi, lakini gololi yahitaji sekunde 0.32 kuanguka nusu meta. Ncha imeiacha gololi hewani, kikombe kimekwenda kuingojea chini. Kikombe hakiwekwi kwenye ncha kwa sababu ncha hufuata njia ya mviringo na kwenda mbele inaposhuka, hali gololi yashuka wima. Sentimeta 13 ndizo tofauti ya njia hizo mbili.

Kama gololi haikuingia, kagueni mambo matatu. Kwanza, je, kijiti kiliondoka upesi? Kikiburuta, ubao huchelewa. Pili, je, bawaba yazunguka bila kukwama? Tatu, je, ncha iliinuliwa kupita nusu meta? Mkiiinua mno, ubao huanza polepole kama dohani iliyo karibu wima, na gololi hupanda juu yake badala ya kuachwa.

Kisha fungeni chini ya ncha jiwe lenye uzito sawa na ubao wenyewe, mrudie tena. Safari hii gololi haitaachwa nyuma kama kwanza, wala haitaingia kikombeni. Wengi hudhani kuongeza uzito kwenye ncha kutaifanya ianguke upesi zaidi. Jaribio hili laonyesha kinyume chake: jiwe hilo ni mzigo mwingine wa kusukumwa, na wasukumaji hawakuongezeka.

Maswali

1. Kwa nini tofali lililo karibu na msingi haliwezi kuanguka kwa nyongeza ya 9.8?

2. Fimbo nyepesi ya meta 3 ina mawe matatu ya kilo 1, kwenye meta 1, meta 2 na meta 3 kutoka bawaba. Imelala sawa na ardhi. Jiwe la kwanza likitumia sehemu 3 katika 7 za uzito wake kujiendesha, onyesha kwamba hesabu ya mawe mengine mawili yalingana.

3. Dohani ya unene mmoja ina urefu wa meta 45. Ncha yake imenyosha meta ngapi inapokuwa na nyongeza sawa na jiwe huru? Ni meta ngapi kutoka msingi ambapo kupinda ni kukubwa kabisa?

4. Picha ya dohani inayoanguka yaonyesha imepinda, na sehemu ya juu imeinama pungufu kuliko sehemu ya chini. Ufa utafunguka upande gani, wa mbele au wa nyuma? Eleza kwa mfano wa ubao juu ya mtaro.

5. Katika jaribio la gololi, ungefunga jiwe karibu na bawaba badala ya kwenye ncha, ubao ungeanguka upesi zaidi au polepole zaidi? Toa sababu, kisha jaribu.